Inchi Mbili Zilizozidi

Gauni lilikuwa limeanikwa kwenye hanga pale barazani, kitenge cha damu ya mzee chenye ndege wa manjano, bitana ndani, zipu mgongoni. Mteja alitoka nyuma ya pazia akiwa amelivaa, akanyoosha mikono pembeni, na mimi na fundi tukaona kitu kile kile kwa wakati mmoja. Mabega yalikaa sawasawa. Chini ya kwapa kitambaa kilining'inia kama tanga la mtumbwi siku isiyo na upepo. Fundi hakusema neno. Alishika ziada ya upande wa kushoto kwa vidole viwili, akashika ya kulia, akanitazama mimi, wala hakumtazama mteja.

Alikuwa na haki ya kunitazama mimi. Vipimo vilipita mdomoni mwangu.

Fundi huyu nimemfahamu miaka mingi. Anashonea kwenye baraza la duka karibu na Makoroboi, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, pasi ya mkaa, daftari la vipimo lenye kona zilizojikunja. Kiingereza chake ni cha salamu na bei. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, zaidi barua na mikataba midogo, na akipata mteja kutoka nje ananiita. Mteja huyu ni mwalimu mstaafu wa Würzburg, mji wa Ujerumani ambao ni ndugu wa Mwanza tangu mwaka 1966, na ndiyo maana Wajerumani wa huko hawakosekani hapa kwetu. Alikuwa anakuja kwenye harusi ya binti wa rafiki yake, siku ya Jumamosi, na alitaka akifika akute gauni limeshashonwa. Akaandika kwa wasapu mwezi na nusu kabla, kwa Kiingereza kizuri kabisa. Namba saba, kila moja na jina lake.

Nikatafsiri jina kwa jina, nikageuza sentimita kuwa inchi kwa kugawanya kwa 2.54, nikampelekea fundi barazani. Yeye anafanya kazi kwa inchi, kama mafundi wengi hapa. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

"Mwanangu," akasema, "huyu mama ana bega la inchi tano?"

Mteja alikuwa ameandika bega 12,5. Kwanza kuna ile mkato. Wajerumani wanaandika mkato pale sisi tunapoandika nukta, na sisi tunaweka mkato kwenye maelfu ya shilingi, kwa hiyo fundi angeona karatasi yenyewe angesoma kumi na mbili, halafu tano, namba mbili tofauti. Hilo nililiona mapema. Ambalo sikuliona ni kwamba alipima bega moja, kutoka shingo inapoanzia mpaka ncha ya bega. Hicho ni kipimo halali, mafundi wa kwao wanakitumia. Fundi wangu anapouliza mabega anataka kitu kingine: kutoka ncha ya bega moja mpaka ncha ya bega la pili, tepu ikipita mgongoni. Nikafikiri nizidishe mara mbili, ikaja inchi kumi, bado mabega ya mtoto wa chekechea, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba katikati ya mabega mawili kuna shingo. Hata ukikisia upana wa shingo ukajumlisha, hupati jibu la kuaminika, maana mabega yanateremka na mgongo haujanyooka kama ubao. Ilibidi kumwandikia tena. Akapima, ikaja 39, yaani inchi 15 na robo na kidogo.

Halafu urefu. Fundi aliniambia, "Muulize urefu." Nikamuuliza mteja urefu wake, akajibu 172. Fundi alipoona inchi 67 na robo tatu akacheka mpaka akavua miwani. "Hili gauni litafagia kanisa lote." Yeye alitaka urefu wa gauni, kutoka begani karibu na shingo mpaka pindo linapoishia. Neno letu moja linabeba urefu wa mtu na urefu wa nguo, na mimi nilichagua ule uliokuja kwanza kichwani.

Makosa hayo mawili hayakutugharimu kitu. Yalichekesha, na kwa kuwa yalichekesha yaligunduliwa papo hapo. Fundi aliyeshona miaka thelathini anajua mwili wa mtu mzima unaweza kuwa na namba gani, na namba isiyowezekana inamkwaruza jicho kama kokoto kwenye mchele. Lililotuumiza ni lile ambalo kila namba yake ilikuwa inawezekana.

Kifua 96, kiuno 80, nyonga 104. Kwa inchi: 37 na robo tatu, 31 na nusu, 41. Mwanamke wa kawaida kabisa, mrefu kiasi. Fundi akaandika bila kuuliza, na mimi nikaondoka kwenda kula samaki.

Sasa, fundi akipewa kipimo cha mwili hakati kitambaa kwa namba ile ile. Ukikata hivyo, mtu hawezi kukaa, hawezi kuinua mkono wala kuvuta pumzi. Anaachia. Kwa gauni la kitenge lililoshika mwili lakini halibani, fundi wangu anaachia inchi mbili kifuani, inchi moja na nusu kiunoni, inchi mbili nyongani. Hiyo ni nafasi ya mwili kufanya kazi yake, mbali na kile kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. Kwa hiyo kifua cha 37 na robo tatu kikawa 39 na robo tatu.

Lakini mteja hakuwa amepima mwili wake. Alichukua gauni lake alilolizoea, akalilaza mezani, akapima upana kutoka mshono wa pembeni hadi mshono wa pembeni, akazidisha mara mbili. Gauni hilo lilikuwa tayari na nafasi ndani yake; fundi wa kwao alishaachia. Wangu akaachia juu yake. Tulipompima mteja mwenyewe siku ya kujaribu, kifua kilikuwa sentimita 91. Gauni letu lilikuwa karibu 101. Sentimita kumi, yaani inchi nne, mahali panapotakiwa mbili.

Sehemu inayoniuma ni kwamba alituambia. Nilirudi kwenye simu usiku ule nikasoma ujumbe wa kwanza. Baada ya zile namba saba kulikuwa na maneno ya kuaga: anashukuru, Würzburg kuna baridi, anakumbuka machweo ya ziwani pale Capri Point, na amepima gauni lake la bluu ambalo amelipenda miaka kumi na anatumaini hili jipya litampendeza vile vile. Nilisoma aya hiyo kama salamu. Kwa fundi nikaifupisha: "Anasalimia sana." Ndani ya salamu ndimo ilimokuwa habari pekee niliyopaswa kuifikisha, na mimi niliitupa pamoja na baridi na machweo.

Na hata bila aya ile, namba zenyewe zilikuwa zinasema. Zitazame tena: 96, 80, 104. Zote shufwa. Mtu akipima mwili kwa tepu, namba zinaangukia popote, 91, 76 na nusu, 99. Akipima nguo iliyolazwa mezani halafu akazidisha kwa mbili, 48 inakuwa 96, 40 inakuwa 80, 52 inakuwa 104. Siyo ushahidi wa mahakamani, watu wengine wanakadiria tu, na mwingine atapima nguo akapata nusu sentimita. Lakini siku hizi nikiona safu nzima ya namba shufwa siendi barazani kabla sijauliza swali moja: tepu ilizunguka mwili au ililala juu ya nguo?

Nimebadilisha pia namna ya kuuliza. Zamani nilituma orodha ya majina ya viungo. Tatizo la majina ni kwamba kila lugha inakata mwili inavyotaka. Kiuno chetu kinaweza kuwa pale juu mwili unapojikunja, na kinaweza kuwa pale suruali inaposhikia, na kuna watu ambao tofauti ya hapo na hapo ni inchi tatu. Mkono wetu unaanzia begani na unaishia kwenye kucha. Kwa hiyo sasa sitaji kiungo peke yake. Ninataja mahali tepu inapoanzia, inapopita na inapoishia, na kila mahali panakuwa kitu ambacho mtu anaweza kukigusa kwa kidole.

Kwa mfano kiuno. Ninamwambia mteja afunge uzi tumboni, asiubane, halafu ajipinde kulia na kushoto kama anayechungulia nyuma ya mlango. Uzi utahama wenyewe na kutulia mahali. Hapo ndipo tunapopaita kiuno, hata kama yeye ana jina lingine. Auache uzi pale pale. Kisha ainamishe kichwa, apapase nyuma ya shingo, atapata mfupa uliojitokeza. Kutoka mfupa ule mpaka kwenye uzi ndio urefu wa mgongo. Huyu mama alipofanya hivyo barazani ilikuja 41, na fundi akaridhika, kwa sababu kipimo hicho ndicho kinachoamua kiuno cha gauni kikae juu ya kiuno cha mwenyewe au juu ya mbavu zake. Mkono unapimwa ukiwa umekunjwa kidogo, kutoka ncha ya bega, kupita nje ya kiwiko, mpaka kwenye kifundo. Ukipimwa umenyooka, mteja akikunja mkono kushika kikombe, pindo linapanda.

Kugeuza sentimita kuwa inchi nimeacha kabisa. Tepu ya fundi ina pande mbili, upande mmoja inchi, wa pili sentimita. Ninampa namba za sentimita, anageuza tepu, anakata. Kikokotoo kilikuwa kinanipa 37.8 na fundi hana sehemu ya kumi kwenye tepu yake, ana nusu, robo, na nusu ya robo, kwa hiyo kila namba niliikata mwenyewe huku au kule bila kumwambia mtu. Tahadhari ni moja tu: tepu za bei rahisi zinavutika. Ya fundi wangu ilikuwa imezidi karibu robo inchi kwa kila inchi ishirini. Tuliilaza juu ya rula ya chuma tukaona. Kwa mteja anayepimwa na tepu hiyo hiyo inayokata kitambaa haina madhara. Kwa aliyepimwa Ujerumani na kukatiwa Mwanza ina madhara.

Kitambaa nacho kilikuwa na vituko vyake. Mteja aliuliza kama kitenge ni cha nta, akitumia neno la Kiingereza ambalo ndilo hilo hilo la mshumaa. Nikamuuliza muuzaji, "Kina nta?" Akaniangalia kama nimetumwa na mchawi. Dukani kinaitwa waksi, basi, na hakuna anayekumbuka nta. Kumbe mteja alikuwa anauliza jambo la maana: kuna vitenge ambavyo rangi huzuiwa na nta au utomvu isiingie mahali fulani, ndiyo maana mchoro unaonekana wazi pande zote mbili na una mishipa myembamba kama nyufa, na kuna vinavyochapwa upande mmoja tu kuiga mishipa hiyo. Kujua ni rahisi, geuza kitambaa. Chetu kilikuwa hafifu nyuma, cha kuchapwa. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema sawa, ili mradi kiwe pamba.

Muuzaji aliapa ni pamba tupu. Fundi akachomoa uzi mmoja pembeni akauwasha kwa kiberiti. Uliungua haraka, ukanuka kama karatasi, ukaacha jivu jepesi lililopotea alipolifikicha. Kingekuwa poliesta uzi ungejikunja na kuyeyuka, ukaacha kidonge kigumu cheusi. Kwa kuwa ni pamba, kililowekwa usiku mzima kwenye beseni kabla ya kukatwa, kinywee kinavyotaka kunywea kikiwa bado ni kitambaa. Hilo nililitafsiri kwa urefu, maana mteja aliuliza kwa nini siku moja nzima imepita hakuna kilichoshonwa.

Rangi ilinishinda kidogo. Muuzaji alisema damu ya mzee. Nilianza kuandika neno kwa neno, nikafuta upesi. Mama wa watu angedhani tumechinja. Nikapiga picha, lakini chini ya taa ya dukani rangi ilitoka nyekundu ya tindikali. Nikaomba nitoke nacho nje, nikakiweka juani karibu na karatasi nyeupe na ganda la chungwa, nikapiga tena. Karatasi na chungwa vinamsaidia anayetazama kwa mbali, kwani hivyo viwili anavijua vilivyo.

Na wale ndege. Mteja alitaka yadi nne, kwa sababu ndizo gauni lake la zamani lilizokula. Fundi akasema yadi sita, kitenge kizima, na mteja akahisi anauziwa. Ilibidi nieleze kwamba ndege wana kichwa na miguu. Kitambaa cha maua unaweza kugeuza kipande juu chini ukabana matumizi. Hiki ukikigeuza, nusu ya ndege wataruka wakiwa chali. Tena ndege wa kati wanatakiwa kukutana kwenye zipu, bawa kwa bawa. Yadi sita ni kama mita tano na nusu, na kilichobaki kilitosha kilemba tu. Aliridhika alipoona picha ya kilemba.

Tuje kwenye tarehe, ambapo nilijisifu kwamba sikosei. Fundi alisema Jumatano saa nne. Najua mitego yote miwili. Jumatano yetu ina tano ndani yake kwa kuwa tunahesabu kuanzia Jumamosi, na Mzungu anayehesabu kuanzia Jumatatu akijifunza namba zetu anaweza kuipeleka kwenye siku ya tano yake, ambayo ni Ijumaa. Na saa nne yetu ni saa kumi kwao. Nikaandika vizuri: siku, tarehe, mwezi kwa jina lake badala ya namba, saa kumi ya kwenu asubuhi, ni siku ya kujaribu tu, kuchukua ni Ijumaa. Fundi akisema tayari anamaanisha limeunganishwa, halijapigwa pindo. Hilo pia nililieleza.

Kisha nikampigia picha risiti ya malipo ya awali nikamtumia, aone hela imepokelewa. Kwenye risiti fundi alikuwa ameandika kwa mkono wake: Jtano saa 4.

Mteja akaamini karatasi. Kwao karatasi yenye sahihi ina nguvu kuliko ujumbe wa simu, na tarakimu hailaumiwi kwa lugha. Jumatano tulimsubiri kuanzia saa nne asubuhi, fundi akaahirisha sare za wanafunzi, na mama akatokea saa kumi jioni akitabasamu, dakika mbili kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimetafsiri kila kilichosemwa, nikaacha kilichoandikwa. Tangu siku hiyo risiti ya mteja wa nje naiandika mimi, fundi anasaini.

Saa sita zilizopotea ndizo zilizofanya lile gauni lililoning'inia litie hofu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nyuma ya mawe, na ovaloki ya jirani ilikuwa imeshafungwa. Fundi akapiga hesabu kwa sauti, nami nikamtafsiria mteja kila hatua kwa kuwa nilishajifunza. Inchi mbili za ziada kifuani. Gauni lina mishono miwili ya pembeni, kila mshono una kipande cha mbele na cha nyuma, kwa hiyo kingo nne, nusu inchi kila ukingo. Kiunoni inchi moja na nusu, chini kidogo ya hapo kila ukingo. Zipu haiguswi. Lakini ukipunguza pembeni, tundu la kwapa linasogea, kwa hiyo mikono lazima ifumuliwe upande wa chini na kuingizwa upya, na bitana ipunguzwe peke yake, vinginevyo itajikusanya ndani kama soksi. Kazi ya siku moja. Angekuwa ameshona dogo, alisema, tungelia, maana alikuwa amebakiza inchi moja tu ndani ya kila mshono.

Mteja aliuliza kosa ni la nani. Nikamwambia ni langu, nikamwonyesha aya yake mwenyewe kwenye simu, pale penye gauni la bluu. Akaisoma, akasema alidhani ameeleza vizuri sana. Alikuwa ameeleza vizuri sana. Ijumaa alichukua gauni, Jumamosi alilivaa, ndege wakakutana mgongoni bawa kwa bawa.

Miezi michache baadaye dada yake akaagiza. Namba zikaja, sehemu za kuanzia na kuishia zimetajwa, uzi umefungwa kiunoni kama nilivyoelekeza. Mwishoni maneno ya kuaga. Nilikaa kwenye stuli pale barazani nikamsomea fundi yote, mstari kwa mstari, pamoja na salamu, habari za mvua na jina la mbwa.

"Mbwa anahusikaje?" akauliza.

"Sijui, mzee. Nasoma."

Nikaendelea. Amepimwa na mumewe, juu ya mwili, usiku, baada ya chakula cha jioni.

Penseli ikasimama. "Baada ya kula?"

"Ndivyo alivyoandika."

Fundi akalitazama daftari kitambo. Mbele ya kiuno palikuwa na 85. Hakuibadilisha namba. Pembeni yake, kwa herufi ndogo, akaandika: *ameshiba*.